Je, watu wafupi huishi muda mrefu zaidi?

Kusini mwa Ekuador, katika vijiji vya milimani vya mkoa wa Loja, kuna jamii ya watu karibu mia moja ambao wakiwa watu wazima kimo chao huwa kama mita 1.2, na wengine hawafiki hapo. Wanalima, wanafanya biashara, wanaoa na kuolewa kama majirani zao. Wengi wao ni wanene kuliko ndugu zao warefu, na kwa mazoea ya hospitali mtu mwenye unene wa namna ile hupimwa sukari mara moja.

Daktari mmoja wa mji mkuu wa Quito, Jaime Guevara-Aguirre, bingwa wa magonjwa ya homoni, alianza kuwafuatilia mwishoni mwa miaka ya 1980. Nia yake ya mwanzo ilikuwa kuelewa kwa nini hawakurefuka. Miaka ikapita, daftari lake likajaa, na jambo jingine likaanza kujitokeza. Kati ya wagonjwa wake hakukuwa na hata mmoja mwenye kisukari. Saratani nayo ilikuwa haionekani.

Mwaka 2011, yeye na Valter Longo, mtafiti wa kuzeeka katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa Kalifonia, walichapisha matokeo ya miaka 22 ya ufuatiliaji. Waliwalinganisha watu hawa na ndugu zao wa damu wenye kimo cha kawaida, waliokula chakula kilekile na kukaa vijiji vilevile. Miongoni mwa ndugu, kiasi cha 5 kwa 100 walikuwa na kisukari, na 17 kwa 100 walikuwa wamepata saratani. Miongoni mwa wafupi, kisukari hakikuwapo kabisa. Saratani ilimpata mtu mmoja tu, naye haikumuua.

Watu wengi wamewahi kujiuliza kama wafupi huishi zaidi, hasa wanapowatazama wazee wa mtaani ambao wengi ni wafupi. Kutazama hivyo hakutoshi. Mtu akizeeka, pingili za uti wa mgongo hubonyea na mgongo hupinda, kwa hiyo mzee wa miaka 85 amepungua sentimita kadhaa tangu ujana wake. Anayetaka jibu la kweli lazima ajue mtu alikuwa na kimo gani alipokuwa kijana, kisha amfuate hadi kifo chake. Lazima pia ajue ni nini kilichomfanya awe mfupi, na hapo ndipo Loja inapotufundisha mengi.

Herufi moja iliyobadilika

Kurefuka huanzia kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, ambayo humimina homoni ya ukuaji kwenye damu, zaidi wakati mtoto amelala. Homoni hiyo husafiri hadi kwenye ini na kunasa kwenye protini maalumu zilizo juu ya seli, ziitwazo vipokezi. Ikishanasa, ini hutengeneza homoni ya pili, IGF-1, ambayo kwa umbo inafanana sana na insulini. Hii ya pili ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi: huzifikia seli za mifupa, misuli na ngozi na kuzipa amri ya kukua na kugawanyika.

Kwa watu wa Loja, tezi ya kichwani ni nzima na homoni ya ukuaji ni tele kwenye damu. Kasoro iko kwenye kipokezi. Jeni ya kipokezi hicho imebadilika herufi moja tu, na ajabu yake ni kwamba herufi hiyo mpya bado inaagiza amino asidi ileile. Kwa kuisoma tu, mtu angedhani haina madhara. Lakini seli haitumii maelezo ya jeni moja kwa moja. Kwanza huyanakili, halafu hukata vipande visivyotakiwa na kuunga vinavyobaki. Herufi ile mpya imeunda alama ya kukatia mahali pasipostahili. Seli inakata mapema, herufi 24 zinapotea, na protini inatoka ikiwa imepungukiwa amino asidi 8. Kipokezi cha namna hiyo hakifanyi kazi. Homoni ya ukuaji inafika na haipati pa kunasa, ini halitengenezi IGF-1 ya kutosha, na mtoto harefuki.

Hali hii huitwa ugonjwa wa Laron, kwa jina la daktari wa Israeli Zvi Laron aliyeieleza na wenzake mwaka 1966. Ili mtu awe nayo, lazima arithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja moja, wao wenyewe hawana ugonjwa huo, ila kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Katika vijiji vilivyojitenga, ambako familia chache zimeoana kwa vizazi vingi, nafasi hiyo hutimia mara nyingi. Badiliko hilohilo limepatikana pia kwa mgonjwa wa Israeli mwenye asili ya Moroko, na watafiti wanaamini lilifika Ekuador pamoja na Wayahudi wa Hispania na Ureno waliolazimishwa kubadili dini, wakakimbilia bara la Amerika.

Kukua na kukarabati

Kwa nini kukosa amri ya kukua kumkinge mtu na saratani? IGF-1 huiambia seli mambo matatu: kua, gawanyika, usife. Kwa mtoto, amri zote tatu ni za lazima. Kwa mtu wa miaka 50, amri hizohizo zina gharama. Kila seli inapogawanyika lazima inakili DNA yake yote, na kila unakili unaweza kuacha kosa. Seli iliyokwisha kukosewa ingepaswa kujiua yenyewe kabla haijaleta madhara, na amri ya tatu inaizuia.

Kuna gharama nyingine. Nguvu za mwili zina mipaka, na kinachoelekezwa kwenye ukuaji hakiendi kwenye ukarabati. Ni sawa na familia inayoweka kila shilingi kwenye kuongeza vyumba: nyumba inapanuka, huku paa la zamani likivuja bila wa kuliziba. Ishara ya ukuaji ikishuka, ndani ya seli protini ziitwazo FOXO huachiwa ziingie kwenye kiini, ambako huwasha jeni za kukarabati DNA na kuondoa sumu zinazotokana na matumizi ya oksijeni.

Longo na Guevara-Aguirre hawakuridhika na maelezo ya vitabuni. Walichukua majimaji ya damu ya watu wa Loja na ya ndugu zao, wakalea humo seli za titi la binadamu katika maabara, kisha wakaziwekea haidrojeni peroksaidi, kemikali inayovunjavunja DNA. Seli zilizolelewa katika damu ya wenye ugonjwa wa Laron zilipata mipasuko michache zaidi ya DNA. Na zile zilizoumia zilijiua kwa wingi zaidi, badala ya kubaki hai na kasoro zake. Walipoongeza IGF-1 kwenye majimaji yaleyale, kinga ilitoweka. Jaribio hilo ndilo linalotufanya tuseme kwamba tofauti inatokana na homoni yenyewe, wala haitokani na hewa ya milimani au chakula cha Loja.

Kuhusu kisukari, maelezo ni kwamba homoni ya ukuaji kwa kawaida hupingana na insulini. Mahali ambapo kipokezi chake hakifanyi kazi, insulini kidogo tu inatosha kuingiza sukari ndani ya seli, hata kama mtu ni mnene.

Wanyama walitangulia

Watafiti walishangaa kwa kiasi tu, kwa sababu wanyama walikwisha kuwaonyesha njia. Mwaka 1993, Cynthia Kenyon na wenzake huko San Fransisko walionyesha kwamba mnyoo mdogo wa udongoni, wenye urefu wa milimita moja, huishi mara mbili ya kawaida akiharibiwa jeni moja iitwayo daf-2. Baadaye ilijulikana kwamba jeni hiyo hutengeneza kipokezi kinacholingana na vile vya insulini na IGF-1 kwa binadamu. Mnyoo hupoteza faida hiyo yote akinyang'anywa jeni yake ya FOXO.

Mwaka 1996 ikaja zamu ya panya. Holly Brown-Borg na Andrzej Bartke walieleza panya wadogo wa aina ya Ames, ambao tezi yao ya pituitari haitoi homoni ya ukuaji. Madume waliishi karibu nusu zaidi ya ndugu zao wa kawaida, na majike waliongeza zaidi ya hapo. John Kopchick wa Ohio naye akaunda panya asiye na kipokezi cha homoni ya ukuaji, yaani mwenye kasoro ileile ya watu wa Loja. Mmoja wa panya hao alikufa wiki moja kabla ya kutimiza miaka mitano, wakati panya wa kawaida wa maabara huishi kama miaka miwili na nusu.

Hata mbwa wanashuhudia. Mbwa wadogo huishi miaka mingi kuliko mbwa wakubwa, na mwaka 2007 iligunduliwa kwamba mbwa wa koo ndogo karibu wote wana aina moja ya jeni ya IGF-1. Msomaji anaweza kuuliza: mbona tembo huishi kuliko panya? Tofauti kati ya spishi na spishi zina sababu nyingine, kwa kuwa mnyama mkubwa asiyeliwa hovyo amepata muda, kwa vizazi vingi, wa kujijengea kinga zake. Kanuni ya ukubwa na umri tunayoizungumzia hapa ni ya ndani ya spishi moja.

Binadamu wa kawaida je?

Watu wa Loja ni wachache sana na hali yao ni ya pekee. Wengi wetu tunatofautiana kwa sentimita tano au kumi, na tofauti hizo hutokana na mamia ya jeni pamoja na malezi. Je, sentimita hizo zina uzito?

Ushahidi wa upande wa "ndiyo" upo. Huko Hawaii, watafiti waliwafuata wanaume 8,006 wenye asili ya Kijapani, waliozaliwa kati ya 1900 na 1919, tangu mwaka 1965. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliokuwa na sentimita 158 au chini ya hapo waliishi muda mrefu zaidi, na kadiri kimo kilivyoongezeka, umri ulipungua. Wafupi pia walikuwa na insulini kidogo zaidi kwenye damu, na walielekea zaidi kuwa na aina ya jeni ya FOXO3 inayohusishwa na maisha marefu. Katika kijiji cha Villagrande Strisaili kwenye kisiwa cha Sardinia, kinachosifika kwa wazee wake, watafiti walifukua kumbukumbu za vijana waliopimwa kimo walipoitwa jeshini. Wale wa chini ya sentimita 161 walipofika miaka 70, walikuwa na kama miaka miwili ya ziada ya kuishi kuliko wenzao warefu.

Ushahidi wa upande wa pili una uzito pia. Mwaka 2012 ziliunganishwa takwimu za watu zaidi ya milioni moja kutoka tafiti nyingi. Kwa kila nyongeza ya sentimita 6.5, vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 3. Ukitazama kila ugonjwa peke yake ndipo picha inapojigawa: vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 6, na vifo vya saratani vikaongezeka kwa asilimia 4. Kuhusu saratani, utafiti wa wanawake milioni 1.3 wa Uingereza ulikwisha kuonyesha mwaka uliotangulia kwamba kila sentimita 10 huongeza uwezekano wa kuipata kwa asilimia 16 hivi.

Tafiti hizi hazipingani kama zinavyoonekana. Kimo cha mtu ni jumla ya mambo mawili: ishara ya ukuaji aliyorithi, na hali aliyolelewa nayo. Mtoto aliyelala njaa, aliyeharisha mara kwa mara, au ambaye mama yake alikosa lishe akiwa mjamzito, hubaki mfupi. Utoto huohuo mgumu humwachia mishipa na mapafu dhaifu. Kwa hiyo katika nchi ambamo umaskini ndio uliowafupisha watu wengi, wafupi watakufa mapema, hasa kwa magonjwa ya moyo, na faida yoyote ya kuwa na IGF-1 kidogo itafunikwa. Katika kundi la watu waliolelewa kwa namna inayofanana, kama wanaume wale wa Hawaii au kijiji kimoja cha Sardinia, athari ya jeni hupata nafasi ya kuonekana. Saratani hufuata kimo karibu kila mahali, kwa sababu mtu mrefu ana seli nyingi zaidi, na seli hizo zilipewa amri ya kugawanyika kwa muda mrefu zaidi.

Kinga isiyozaa miaka

Rudi kwenye daftari la Guevara-Aguirre uulize swali la mwisho: je, watu wake waliishi muda mrefu kuliko ndugu zao? Hapana. Walikingwa na magonjwa mawili makubwa ya uzeeni, lakini wengi hawakufika huko. Kiasi cha 70 kwa 100 ya vifo vyao vilitokana na sababu zisizohusiana na uzee: ajali, ulevi, na degedege. Utotoni, wenye ugonjwa huu hushuka sukari ya damu kwa hatari, na mtoto anaweza kupoteza fahamu. Ukubwani wanaishi katika mazingira ambayo vitu vyote vimejengwa kwa ajili ya watu warefu, na wengi wamebeba dharau ya jamii tangu shuleni.

Hapo kuna tofauti kubwa na panya wa maabara. Panya yule aliyekaribia miaka mitano alikaa kwenye kizimba chenye joto, chakula na usafi, bila paka wala vimelea. Mwili wenye ishara ndogo ya ukuaji hulipa gharama zake mapema na huvuna faida zake mwishoni, kwa hiyo hufaidika yule tu aliyevushwa salama miaka ya mwanzo.

Ndiyo maana mtu asiuchukue utafiti wa Loja kuwa faraja kuhusu udumavu wa watoto wetu. Kwa takwimu za kitaifa za mwaka 2022, watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na Kenya ni 18 kati ya 100. Ufupi wao haukutokana na kipokezi kilichobadilika herufi moja. Umetokana na chakula kisichotosha na maradhi yanayojirudia, na mtoto wa namna hiyo hukosa kimo pamoja na kinga ya mwili na maendeleo ya ubongo. Wala mtoto aliyefupishwa na njaa hapati kinga dhidi ya kisukari. Akija kunenepa ukubwani, uwezekano wake wa kuugua huongezeka. Watu wa Loja na watoto hawa wanaweza kulingana kimo, lakini ndani ya miili yao hakuna kinachofanana.

Upande wa pili kuna wanaouza homoni ya ukuaji kama dawa ya kurudisha ujana. Biashara hiyo ilipata nguvu baada ya utafiti mdogo wa mwaka 1990 huko Marekani, ambapo wanaume kumi na wawili waliozidi miaka 60 walidungwa homoni hiyo, wakaongeza misuli na kupunguza mafuta. Misuli iliongezeka kweli, lakini hakuna aliyeonyesha kwamba maisha yalirefuka. Kila tulichokiona kwa mnyoo, panya, mbwa na binadamu kinaelekea upande mwingine. Panya waliotengenezwa wawe na homoni ya ukuaji kupita kiasi huzeeka haraka na kufa mapema. Watu ambao uvimbe wa pituitari huwamwagia homoni hiyo kwa wingi hupata kisukari, shinikizo la damu na moyo uliotanuka, na wasipotibiwa hufa kabla ya wenzao.

Je, ishara hiyo inaweza kupunguzwa ukubwani, mtu akishamaliza kurefuka? Kwa panya imejaribiwa. Majike waliozuiwa kipokezi cha IGF-1 wakiwa wamekwisha zeeka waliongeza maisha kwa kiasi kidogo, na madume hawakuongeza. Kwa binadamu tahadhari ni kubwa zaidi, maana waliofuatiliwa wakiwa na IGF-1 ya chini sana na waliokuwa nayo ya juu sana, wote walikufa mapema kuliko wa katikati. Mzee anahitaji kiasi fulani cha homoni hiyo ili misuli isimwishe na mifupa isivunjike.

Basi anayeuliza kama wafupi huishi zaidi apewe jibu hili: ishara ndogo ya ukuaji huchelewesha baadhi ya magonjwa ya uzeeni, na ufupi wakati mwingine ni dalili yake. Mtu mrefu ana sababu ya kutopuuza vipimo vya saratani vinavyopatikana kwa umri wake. Mtu mfupi apime shinikizo la damu na kuulinda moyo wake. Na mtoto, awe wa ukoo wa warefu au wa wafupi, anahitaji chakula cha kutosha ili afikie kimo alichoandikiwa na jeni zake.